Kutoka Sifa Tupu hadi Ladha na Harufu Bayana: Uandishi Upya wa Tangazo la Menyu ya Mkahawa kwa Kiswahili

Ikisiri

Matangazo ya menyu za mikahawa yanayoandikwa kwa Kiswahili hutegemea kwa kiasi kikubwa vivumishi vya tathmini, hususan *-tamu*, *safi* na *-a kipekee*, ambavyo humsifia msomaji chakula bila kumwonjesha. Makala haya yanaeleza namna tangazo la aina hiyo linavyoweza kuandikwa upya ili vyakula vitamanishe kwa kutajiwa ladha, harufu na hali zake mahususi. Tangazo fupi la vyakula vitatu vya pwani limebuniwa kwa ajili ya uchambuzi, likachunguzwa, kisha likaandikwa upya hatua kwa hatua. Makala yanadai kwamba udhaifu wa matangazo hayo hautokani na uhaba wa msamiati wa Kiswahili. Unatokana na umbali uliopo kati ya anayeandika tangazo na anayepika chakula. Aidha, yanaonesha kwamba katika Kiswahili mzigo wa kueleza ladha na harufu hubebwa zaidi na vitenzi na majina ya viungo kuliko vivumishi, na kwamba mwandishi asiyelitambua hilo huishia kurundika sifa.

1.0 Utangulizi

Menyu ni matini yenye kazi mbili. Kwanza, humwarifu mteja kuhusu kilichopo na bei yake. Pili, humsaidia kuchagua kitu ambacho bado hajakiona wala kukionja. Kazi hii ya pili ndiyo yenye ugumu, kwa kuwa mwandishi hutakiwa kuwasilisha kwa maneno jambo ambalo kwa kawaida hufahamika kwa ulimi na pua. Ugumu huo huzidi menyu mpya inapotangazwa kwa watu walio mbali na jiko. Anayepita mlangoni husaidiwa na moshi wa mkaa na mvuke wa sufuria, ilhali anayesoma tangazo ana maneno peke yake.

Uchunguzi uliofanywa na Jurafsky (2014) na wenzake kuhusu takriban menyu 6,500 za Marekani, zenye maelezo ya vyakula vipatavyo 650,000, ulionesha kwamba maneno ya sifa za jumla, yaani yale yanayosema tu kuwa chakula ni kizuri au kitamu, huambatana na bei za chini. Mikahawa ya bei ya juu huyatumia kwa nadra. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba neno lenyewe hushusha bei. Hata hivyo, unadokeza jambo la kipragmatiki: kinachotarajiwa hakisemwi, na anayekisema huzua shaka. Mkahawa unaosisitiza kwamba samaki wake ni safi humfanya msomaji ajiulize kwa nini imebidi kusema hivyo.

Uchunguzi mwingine, wa González na wenzake (2006), uliwahusu wasomaji wa Kihispania waliosoma majina ya vitu vyenye harufu kali, kama vile mdalasini na kitunguu saumu, huku ubongo wao ukipigwa picha. Majina hayo yaliamsha maeneo ya ubongo yanayohusika na kunusa, jambo ambalo maneno yasiyohusiana na harufu hayakulifanya kwa kiwango hicho. Kwa hiyo, kuna msingi wa kudai kwamba neno *iliki* humfanyia msomaji kazi ambayo *kitamu* haliwezi kuifanya. Swali linalobaki ni la kiisimu: Kiswahili kina nyenzo zipi za kazi hiyo, na zinatumikaje?

2.0 Tangazo la Awali na Udhaifu Wake

Tangazo lifuatalo limetungwa kwa kufuata mtindo uliozoeleka katika matangazo ya mikahawa ya mwambao:

(1) *Habari njema kwa wapenzi wa chakula kitamu! Mkahawa wetu sasa una menyu mpya kabisa yenye vyakula vitamu vya hadhi ya juu. Tuna samaki wa kupaka mtamu sana, mbaazi za nazi za kipekee pamoja na mahamri matamu, na juisi ya ukwaju yenye ladha ya kuvutia. Vyote vimeandaliwa na wapishi wenye uzoefu kwa viungo safi vya asili. Karibuni nyote mfurahie ladha isiyo na kifani!*

Tangazo hili halina kosa la kisarufi, na upatanisho wake wa ngeli ni sahihi. Tatizo lake ni la kimaana. Mzizi *-tamu* umejitokeza mara nne: *kitamu*, *vitamu*, *mtamu* na *matamu*. Ukijumlisha na *vya hadhi ya juu*, *za kipekee*, *ya kuvutia* na *isiyo na kifani*, kuna semi nane za kusifu chakula. Hakuna hata neno moja la harufu, la joto au baridi, wala la ulaini au ukavu. Maneno pekee yanayogusa ulimi ni *nazi* na *ukwaju*, nayo yamo kwa sababu tu ni sehemu ya majina ya vyakula.

Udhaifu wa semi hizo unaweza kupimwa kwa jaribio rahisi la kubadilishana. Chukua maelezo ya chakula kimoja uyahamishie kingine. Iwapo sentensi itabaki kweli, maelezo hayo hayakuwa yakisema lolote kuhusu chakula husika. *Mbaazi za kipekee* na *samaki mtamu sana* zinaweza kugeuzwa kuwa *mbaazi tamu sana* na *samaki wa kipekee* pasipo msomaji kugundua. Kinyume chake, *yanayonukia iliki* hayawezi kuhamia kwa samaki bila kuzua kicheko. Jaribio hili litatumika tena katika sehemu ya tano.

Neno *safi* linahitaji kutazamwa peke yake. Katika muktadha wa chakula lina maana mbili, *kisicho na uchafu* na *bora*, na maana ya kwanza ndiyo huja haraka. Likiondolewa, mwandishi huvutwa kutumia *-bichi*, lakini *samaki mbichi* ni ambaye hajaoza na pia ni ambaye hajapikwa. Njia salama ni kutaja wakati au mahali, kwa mfano *samaki walioshushwa pwani asubuhi*, ilimradi jambo hilo ni kweli siku zote tangazo linapotumika. Kama si kweli kila siku, ni bora kunyamaza.

3.0 Nyenzo za Kiswahili

3.1 Ladha

Vivumishi vya ladha katika Kiswahili ni vichache, na kila kimoja kimebeba maana nyingi. *-tamu* hurejelea sukari, utamu wa chakula kwa jumla, na hata sauti au maneno ya kupendeza. Mtu akisema *mchuzi mtamu*, hakuna anayedhani una sukari, lakini *chai tamu* hueleweka kuwa ina sukari ya kutosha. *-kali* lina utata mkubwa zaidi: pilipili ni kali, siki ni kali, na chai iliyotiwa majani mengi ni kali. Msomaji wa *mchuzi mkali* hajui kama atatokwa jasho au atakunja uso. Mwandishi wa menyu hawezi kuutatua utata huo kwa kuongeza *sana*, bali kwa kutaja chanzo: *ukali wa pilipili*, *ukali wa ndimu*.

Nomino za dhahania zina usahihi zaidi. *Ugwadu* ni uchachu wa ukwaju au wa tunda lisiloiva, ule unaofanya mate yajae kinywani. *Ukakasi* ni hali ya ulimi kukazwa na ndizi mbichi. Maneno haya hayasifu wala hayakashifu, bali hutaja hisia. Ndiyo sababu yana nguvu ya kutamanisha yanapowekwa mahali pake, kwani ugwadu wa juisi baridi huvutia kwa namna ambayo *ladha nzuri* haiwezi.

Hazina kubwa zaidi imo katika vitenzi vya hali. Mpishi wa Kiswahili huzungumza kwa vitenzi: chumvi *imekolea*, mbaazi *zimelainika*, tui *limekatika*, mchuzi *umekauka*. Kitenzi *kolea* peke yake husema kwamba kiungo kimefikia kiwango chake na kuenea ndani ya chakula. Vitenzi hivi humwonesha msomaji chakula kikibadilika, na mabadiliko hayo ndiyo ladha yenyewe inapozaliwa. Tahadhari inahitajika pale maneno ya mzizi mmoja yanapotofautiana thamani. *Kichachu* ni kitu chenye uchachu, lakini chakula *kilichochacha* kimeharibika. Anayeandika *mchuzi uliochacha kwa ukwaju* amewafukuza wateja kwa kosa la kitenzi kimoja.

3.2 Harufu

Kiswahili hutofautisha harufu njema na mbaya katika kitenzi chenyewe. *Nuka* ni kutoa harufu mbaya na *nukia* ni kutoa harufu nzuri. Kimaumbo *nukia* ina kiambishi cha kutendea, lakini kimaana imejitenga na kuwa kinyume cha chanzo chake. Aidha, *nukia* hupokea moja kwa moja jina la kinachonukia, bila kihusishi: *chai inanukia iliki*, *pilau inanukia karafuu*. Umbo hili fupi linamfaa sana mwandishi wa menyu, kwa kuwa kwa maneno mawili tu linabeba tathmini na chanzo kwa pamoja. Halihitaji kuongezewa *nzuri*, kwani uzuri tayari umo ndani ya kitenzi.

Nomino *harufu*, kwa upande mwingine, haiaminiki. Ikiachwa peke yake huelekea ubaya: mtu akisema *chumba kina harufu*, hamaanishi udi. Kwa hiyo *harufu ya samaki* katika menyu ni hatari, kwa sababu humkumbusha msomaji *shombo*, yaani harufu ya samaki mbichi ambayo mpishi alitumia ndimu kuiondoa. Hali ni tofauti neno hilo linapofuatwa na chanzo kisicho na shaka, kama *harufu ya kahawa*.

Jambo la tatu linahusu kitenzi cha utambuzi. Mswahili *husikia* harufu, kama anavyosikia njaa, baridi au sauti. Kitenzi kimoja kinachojumuisha hisi kadhaa humruhusu mwandishi kupita kutoka puani hadi ulimini bila kubadilisha mhimili wa sentensi: *utasikia iliki kwanza, kisha nazi*. Hakuna haja ya kuunda misemo mipya wala kutafsiri ya lugha nyingine.

4.0 Maswali kwa Mpishi

Kwa kuwa msamiati upo, kwa nini tangazo (1) halina hata chembe yake? Jibu limo katika mgawanyo wa kazi. Aghalabu tangazo huandikwa na mwenye mkahawa, au na kijana anayejua kupangilia picha na maandishi, ambaye hajasimama jikoni chakula kikipikwa. Hana anachokijua zaidi ya jina la chakula, hivyo hujaza nafasi kwa sifa. Hatua ya kwanza ya uandishi upya, basi, si kutafuta maneno matamu zaidi, bali ni kupata habari.

Maswali manne yanatosha kwa kila chakula. Kitu gani hutiwa mwanzo, na kitu gani hutiwa mwisho? Kifuniko kinapofunuliwa, harufu ipi hutangulia? Mdomoni hali yake ikoje: ni laini, ni rojorojo, ni kikavu, kinatafunika? Na ni jambo gani likikosewa, mpishi hukataa chakula kisitoke? Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa maana hufichua kile ambacho mpishi mwenyewe hukihesabu kuwa kiini cha chakula. Mpishi wa mbaazi atajibu kwamba tui likikatika, mbaazi zimeharibika. Kutokana na jibu hilo mwandishi anafahamu kwamba uzito na ulaini wa tui ndio wa kutajwa.

Majibu yaandikwe kwa maneno ya mpishi mwenyewe, pamoja na vitenzi vyake. Anayeyasanifisha mapema hupoteza *imekolea* na kubaki na *ina ladha nzuri*.

5.0 Uandishi Upya

5.1 Samaki wa kupaka

Jina la chakula hiki limeficha maelezo ndani yake. Kitenzi-jina *kupaka* kinataja tendo: samaki huchomwa juu ya makaa huku akipakwa rojo la tui zito lililopikwa na viungo. Samaki hulazwa kwanza katika ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na chumvi. Tui huchemshwa pembeni pamoja na bizari na ukwaju au ndimu hadi lizidi kuwa zito. Kisha hupakwa, samaki hugeuzwa, hupakwa tena, mpaka rojo likaukie juu yake. Mwenyeji wa pwani huyajua haya kwa kusikia jina tu. Mgeni hayajui, na tangazo ni la wote wawili.

Jaribio la kwanza la mwandishi aliyeambiwa ataje ladha na harufu huenda likawa hivi:

(2) *Samaki laini, mtamu, mwenye harufu ya ndimu, ya tangawizi, ya kitunguu saumu, ya bizari, ya moshi na ya nazi, mkali na mchachu kwa pamoja.*

Sentensi hii ni bayana lakini haitamanishi. Harufu sita zimepangwa kama orodha ya dukani, na msomaji hajui ipi inatangulia. *Harufu ya* imesimama karibu na *samaki*, na *mkali* limerudi na utata wake. Tiba ni kuchagua mambo mawili au matatu yanayokitofautisha chakula hiki na samaki mwingine yeyote, kisha kuyapanga kwa mfuatano wa upishi. Kinachomtofautisha samaki wa kupaka si tangawizi, ambayo imo katika vyakula vingi, bali ni kukutana kwa moto wa mkaa na tui la nazi:

(3) *Changu mzima aliyelazwa katika ndimu na kitunguu saumu, akachomwa juu ya makaa huku akipakwa tui zito lenye ukwaju. Rojo hukaukia juu ya ngozi na kuungua kidogo kandokando. Ndani, nyama ni nyeupe na haijakauka. Pilipili ni ya wastani.*

Vitenzi *kulazwa*, *kuchomwa*, *kupakwa*, *kukaukia* na *kuungua* vimebeba kazi nzima. Moshi haukutajwa, lakini *makaa* na *kuungua kidogo* vinatosha kuuleta. Nomino *ukwaju* imechukua nafasi ya *mchachu*, na *pilipili ni ya wastani* imeondoa utata wa *mkali*. Hakuna kivumishi cha sifa hata kimoja, na isipokuwa ile ya pilipili, sentensi yoyote kati ya hizo ikihamishiwa kwenye mbaazi itakuwa uongo.

Kishazi *kuungua kidogo kandokando* kinastahili maelezo. *Kuungua* kwa kawaida ni kasoro ya mpishi. Kinachookoa kitenzi hiki hapa ni kielezi *kidogo* pamoja na mahali, *kandokando*. Bila viwili hivyo, msomaji angedhani samaki ameharibika.

5.2 Mbaazi za nazi na mahamri

Hapa vyakula ni viwili vinavyoliwa pamoja, na kosa rahisi ni kukieleza kila kimoja kana kwamba kimesimama peke yake. Mbaazi hulowekwa, huchemshwa hadi ziive, hupikwa kwa tui jepesi pamoja na kitunguu na bizari, kisha humaliziwa kwa tui la kwanza kwa moto mdogo ili lisikatike. Mahamri ni unga wa ngano uliokandwa kwa tui, sukari, hamira na iliki, ukaachwa uumuke, ukasukumwa na kukaangwa hadi ukafura. Utamu wa mahamri ni wa sukari. Wa mbaazi ni wa nazi na chumvi. Kinachompendeza mlaji ni kukutana kwa utamu huo wa aina mbili, na ndicho kinachopasa kuandikwa:

(4) *Mbaazi zilizolainika, zikamaliziwa kwa tui la kwanza hadi mchuzi ukawa mzito wa kushika kijiko. Chumvi yake hukutana na sukari ya mahamri yaliyotoka mafutani sasa hivi, yaliyofura, yanayonukia iliki. Chana, chovya, kula.*

*Yanayonukia iliki* ndiyo harufu pekee iliyotajwa, nayo inatosha, kwa sababu ndiyo inayotangulia kufika puani mahamri yakichanwa. *Tui la kwanza* ni istilahi ya jikoni ambayo kila mpishi wa nazi huielewa. Inafanya kazi ya *zito* na *bora* bila kusifu. Vitenzi vitatu vya mwisho vinamweka msomaji mezani. Hata hivyo, *sasa hivi* ni ahadi. Kama mkahawa hukaanga mahamri alfajiri na kuyauza hadi jioni, maneno hayo hayana budi kuondolewa, au tangazo litaje saa za kukaangwa.

5.3 Juisi ya ukwaju

Kinywaji kina maelezo machache, na maelezo yake hayapaswi kurefushwa ili yalingane na ya samaki. Chenye thamani hapa ni mfuatano wa ladha kinywani:

(5) *Juisi ya ukwaju, baridi. Ugwadu hutangulia, sukari hufuata, na mwisho hubaki mwasho mdogo wa tangawizi.*

Kiambishi *hu-* cha mazoea kinasema kwamba mambo hutokea hivyo kila glasi inaponywewa. Ni ahadi inayotegemea kipimo jikoni. Iwapo tangawizi hutiwa siku moja na kusahauliwa siku nyingine, kishazi cha mwisho hakina nafasi.

5.4 Tangazo zima

Utangulizi na hitimisho la tangazo (1) havikuwa na habari isipokuwa moja, kwamba menyu ni mpya. Habari hiyo inatosha mstari mmoja, na majina ya vyakula yawekwe mwanzoni mwa kila aya ili anayepitisha jicho ayapate haraka:

(6) *Menyu mpya, kuanzia Ijumaa.*

*Samaki wa kupaka.* *Changu mzima aliyelazwa katika ndimu na kitunguu saumu, akachomwa juu ya makaa huku akipakwa tui zito lenye ukwaju. Rojo hukaukia juu ya ngozi na kuungua kidogo kandokando. Ndani, nyama ni nyeupe na haijakauka. Pilipili ni ya wastani.*

*Mbaazi za nazi na mahamri.* *Mbaazi zilizolainika, zikamaliziwa kwa tui la kwanza hadi mchuzi ukawa mzito wa kushika kijiko. Chumvi yake hukutana na sukari ya mahamri yaliyotoka mafutani sasa hivi, yaliyofura, yanayonukia iliki. Chana, chovya, kula.*

*Juisi ya ukwaju.* *Baridi. Ugwadu hutangulia, sukari hufuata, na mwisho hubaki mwasho mdogo wa tangawizi.*

*Karibuni.*

Mzizi *-tamu* haujatokea hata mara moja. Tangazo (6) ni refu kuliko (1), lakini urefu wake ni wa habari: mteja asiyekula pilipili, asiyetaka nazi au anayeepuka unga wa ngano na sukari anaweza kuamua kabla ya kutoka nyumbani. Maelezo ya hisi na maelezo ya tahadhari yanakaribiana kwa namna hii, ingawa ya kwanza hayachukui nafasi ya ya pili. Unga wa ngano, kwa mfano, haukutajwa katika (6) kwa kuwa msomaji wa pwani anaujua; kwa wasomaji wa kwingine utajwe wazi.

6.0 Makosa Yanayojitokeza na Mipaka ya Mbinu

Kosa la kwanza limekwisha kuoneshwa katika mfano (2), nalo ni mrundiko. Dalili yake ni kiunganishi *na* au kihusishi *ya* kurudiwa zaidi ya mara tatu katika sentensi moja. Mwandishi akiiona dalili hiyo, amuulize mpishi ni kiungo kipi kikikosekana chakula hakitambuliki tena, kisha avifute vingine.

Kosa la pili ni kutumia jina la kiungo ambalo msomaji halijui. Neno huamsha kumbukumbu ya harufu pale tu linapohusishwa na harufu hiyo katika uzoefu wa msomaji, na majina ya viungo katika Kiswahili hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Kiungo cha pilau kinachoitwa *uzile* Unguja huitwa *bizari nyembamba* au *jira* kwingine. Majani ambayo Mzanzibari huyaita *kotmiri*, Mkenya huyaita *dania*, na Watanzania wengi huyajua kwa jina la *giligilani*. Vilevile *mahamri* ya Mombasa ni jamaa wa karibu wa *maandazi* ya bara. Hakuna jina lililo sahihi kuliko jingine. Sahihi ni lile linalonukia puani mwa msomaji anayelengwa. Mkahawa wenye wateja wa pande mbili unaweza kutaja jina moja katika kichwa na la pili ndani ya maelezo.

Kosa la tatu ni zito zaidi, nalo ni la ukweli. Sifa tupu haiwezi kukanushwa: hakuna mteja atakayerudisha sahani kwa hoja kwamba mbaazi si *za kipekee*. Lakini aliyesoma *yanayonukia iliki* akaletewa mahamri yasiyo na iliki ana ushahidi mkononi. Ubayana humfunga mwandishi. Kwa sababu hiyo, tangazo lililoandikwa upya lisomwe kwa sauti mbele ya mpishi kabla ya kutolewa, naye aulizwe kuhusu kila kishazi kama ni kweli kwa kila sahani, si kwa sahani iliyopigwa picha. Kishazi kinachojibiwa *mara nyingine* kifutwe, au upishi urekebishwe.

Mipaka nayo ipo. Maelezo ya hisi yana nguvu ya kumfanya mtu achague. Katika uchunguzi wa Turnwald na wenzake (2017) kwenye ukumbi wa chakula wa Chuo Kikuu cha Stanford, mboga zilizopewa majina ya kutamanisha zilichaguliwa na watu wengi zaidi kwa asilimia 25 kuliko mboga zilezile zilipopewa majina ya kawaida, ingawa upishi haukubadilika. Hata hivyo, kuchagua si kurudi. Mteja hurudi kwa sababu ya alichokila. Pia, vyakula ambavyo wenyeji huvila kila siku havihitaji maelezo marefu. Mteja wa kawaida wa *chai ya rangi* akiandikiwa aya nzima atahisi kwamba bei imepanda.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba kuliandika upya tangazo la menyu si kubadilisha kivumishi kimoja kwa kingine chenye fahari zaidi. Ni kuhama kutoka vivumishi vya tathmini kwenda kwenye vitenzi vya upishi, majina ya viungo na nomino za ladha zisizosifu. Kiswahili kimejaliwa nyenzo hizo: tofauti ya *nuka* na *nukia*, upana wa *kusikia*, usahihi wa *ugwadu* na *ukakasi*, na vitenzi vya hali kama *kolea* na *lainika*. Nyenzo hizo hutumika kila siku katika mazungumzo ya wapishi, ila hupotea tangazo linapoandikwa na mtu asiyewauliza. Kamusi za matumizi na mafunzo ya uandishi wa matangazo yangefaidika kwa kukusanya lugha hiyo jikoni, palipo na wazungumzaji wanaoitumia kwa usahihi, na kuirekodi pamoja na tofauti zake za kimaeneo, kwani neno lililosahihi Lamu huenda lisinukie chochote Morogoro.